Wasifu wa Mwenye Biashara Anapoomba Kazi ya Mshahara

Wengi wetu hapa Kampala tunaanza biashara tukiwa bado chuoni, kisha tunaomba kazi na kuandika juu ya wasifu: "Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji". Nimekaa mara kadhaa na wanaochambua maombi. Cheo hicho huwafanya waulize mambo mawili: huyu alifanya nini hasa, na je, atakubali kusimamiwa?

Nichukue mfano wa ndugu mmoja niliyemsaidia mwaka jana. Kwa miaka 3 alinunua mayai kwa wafugaji wa Mukono na kuyauza mashuleni na hotelini. Alikuwa anaomba kazi ya msaidizi wa ununuzi hospitalini. Tangazo lilitaja kazi nne: kutafuta wauzaji, kulinganisha bei, kupokea bidhaa na kutunza kumbukumbu za stoo.

Yeye aliandika: "Niliasisi na kuongoza kampuni ya chakula inayokua kwa kasi, nikisimamia masoko, fedha, wafanyakazi na mikakati." Ni kweli, lakini haionyeshi kazi hata moja kati ya zile nne. Tukaanza na cheo: "Msimamizi wa Ununuzi na Usambazaji (biashara yangu mwenyewe)". Maneno ya kwenye mabano hayaondolewi. Ukijiita mwajiriwa tu, simu moja ya kuuliza habari zako itakuumbua.

Kisha tukaandika upya: "Nilinunua trei 120 za mayai kila wiki kwa wafugaji 8, nikilinganisha bei zao kila Jumatatu. Nilikagua mzigo unapofika na kuandika daftari la stoo kila siku. Nilipobadilisha namna ya kufunga, hasara ya kuvunjika ilishuka kutoka trei 6 hadi 2 kwa wiki." Matangazo ya biashara, ambayo ndiyo aliyokuwa akijivunia zaidi, yakabaki mstari mmoja. Iliniuma kidogo kuyakata, maana yalikuwa mazuri, ila hospitali haikuyaomba.

Kuhusu kusimamiwa, usiandike kwamba wewe ni mtiifu. Onyesha uliwajibika kwa nani. Yeye alikuwa na mkataba na shule moja: kufikisha mzigo kabla ya saa 1 asubuhi, na mhasibu wa shule akikagua hati kila mwisho wa mwezi. Hilo likaingia, na mhasibu huyo akawa mdhamini wa kwanza. Mdhamini wa pili akawa mfugaji aliyemuuzia kwa mkopo. Kijana uliyemwajiri mwenyewe hafai, kwani wewe ndiwe uliyekuwa ukimlipa.

Wakikuuliza mshahara wako wa mwisho, taja ulichojilipa kwa mwezi, si mauzo. Na kama biashara bado ipo, andika nani anaiendesha sasa. Ndugu huyu alimwachia dada yake, akaongeza sentensi moja kwenye barua: biashara hiyo haitaleta zabuni yoyote hospitalini wakati yeye akiwa kitengo cha ununuzi. Kwenye usaili, swali la kwanza lilikuwa kuhusu sentensi hiyo.