Tarehe ya Rejesho Isihame: Kijitabu kwa Waweka Hazina, Makatibu na Wakopaji wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kwa nini tumetoa kijitabu hiki

Malalamiko yanayotufikia kutoka vikundi vya kuweka na kukopa yanafanana. Mkopaji anafika na fedha yake siku ya mwisho ya mwezi, anaambiwa amechelewa siku tatu na faini imeshaandikwa. Anatoa mkataba, unasema mwisho wa mwezi. Mweka hazina anatoa karatasi iliyochapwa kwenye kompyuta, inasema tarehe 28. Mkopaji anaondoka akiamini ameibiwa, na mweka hazina anaamini kompyuta haiwezi kukosea.

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kuna fomula moja iliyoandikwa vibaya, na fomula hiyo ndiyo inayompa mtu deni la faini ambalo hakulistahili.

Kijitabu hiki kinawahusu wote wanaotunza ratiba za mikopo kwa Excel: vikundi vya kijamii na SACCOS chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na vikundi vilivyopata mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ambavyo hufuata kwanza mkataba wake na halmashauri. Masharti ya usajili na sifa za mkopaji ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii au afisa ushirika. Hapa tunazungumzia tarehe tu.

Msiongeze siku thelathini

Wapo wanaopanga marejesho kwa kujumlisha siku 30 kila mara. Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa aliyepewa mkopo tarehe 31 Januari 2025, wa kurejeshwa kila mwezi kwa miezi sita. Ukijumlisha siku 30, rejesho la kwanza linaangukia 2 Machi. Yanayofuata ni 1 Aprili, 1 Mei, 31 Mei, 30 Juni na 30 Julai.

Tazameni vizuri. Februari haina rejesho hata moja, na Mei ina marejesho mawili. Mkulima huyo anadaiwa mara mbili katika mwezi mmoja, wakati mkataba wake unasema mara moja kila mwezi.

Kazi ya kuongeza miezi ina fomula yake, nayo ni `EDATE`. Unaipa tarehe ya kuanzia na idadi ya miezi, inakurudishia tarehe ileile katika mwezi unaoutaka. Kama mwezi huo hauna tarehe hiyo, inakupa siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa hiyo mwezi mmoja baada ya 31 Januari 2025 ni 28 Februari 2025. Mwaka mrefu, kama 2028, ingekuwa 29 Februari.

Onyo kuu: hesabu zote zianzie tarehe ya mkopo

Hapa ndipo watu wanapotupuuza, kwa hiyo tunasema kwa herufi nzito: msihesabu rejesho kutoka rejesho lililotangulia. Hesabuni kila rejesho kutoka tarehe ya kutoa mkopo.

Andikeni tarehe ya mkopo kwenye seli B1. Andikeni namba za marejesho, 1 hadi 6, kuanzia seli A5 hadi A10. Kwenye B5 andikeni fomula hii, kisha iburuteni hadi B10:

```
=EDATE($B$1,A5)
```

Alama za dola zinaishikilia B1 isihame mnapoburuta. Mkopo wetu wa 31 Januari 2025 utatoa 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei, 30 Juni na 31 Julai. Hizo ndizo tarehe sahihi.

Sasa tazameni fomula inayoleta ugomvi, ikiandikwa kwenye B6 na kuburutwa chini:

```
=EDATE(B5,1)
```

Fomula hii inaanza kuhesabu kutoka 28 Februari. Haijui kwamba mkopo ulitolewa tarehe 31. Inachokiona ni 28 tu. Machi inakuwa 28, Aprili 28, Mei 28, mpaka Julai 28. Februari imefupisha mkopo wote, na Excel haitatoa onyo lolote, kwa sababu kwake fomula haina kosa. Mkopaji aliyepaswa kulipa 31 Julai anaandikiwa kuchelewa kwa siku tatu.

Kuligundua kosa hili ni rahisi, na mkopaji mwenyewe anaweza. Kama mkopo ulitolewa tarehe 29, 30 au 31, tazama mstari wa Februari, kisha wa Machi. Machi ikionyesha 28 katika mwaka wa kawaida, ratiba imekosewa. Usisaini. Mwambie mweka hazina abofye seli hiyo mbele yako muisome fomula pamoja.

Mkataba useme: tarehe ileile au mwisho wa mwezi?

`EDATE` haiwezi kuamua jambo ambalo mkataba haukuliamua. Mkopo uliotolewa 30 Aprili utatoa 30 Mei, kwa sababu Mei ina tarehe 30. Kama makubaliano yenu ni siku ya mwisho ya mwezi, mnataka 31 Mei. Tumieni fomula hii badala yake:

```
=EOMONTH($B$1,A5)
```

Chagueni njia moja, iandikeni kwenye mkataba kwa maneno, na msiibadilishe katikati ya mkopo.

Andikeni pia siku ya kulipa pale tarehe inapoangukia mwisho wa juma. 31 Mei 2025 ilikuwa Jumamosi. Kama mmekubaliana kusogeza hadi siku ya kazi inayofuata, wekeni safu ya pili ya tarehe, C, yenye fomula hii kuanzia C5:

```
=WORKDAY(B5-1,1)
```

Ukiiburuta, mstari wa Mei utatoa Jumatatu 2 Juni. Fomula hiyo inaruka Jumamosi na Jumapili tu. Mei Mosi, Saba Saba na sikukuu nyingine haizijui mpaka mziorodheshe na kuziongeza ndani ya fomula. Nasi tunarudia: safu C ni ya kupokea fedha tu. Rejesho la Juni halihesabiwi kutoka 2 Juni. Linahesabiwa kutoka tarehe ya mkopo.

Mkikutana na haya

Seli ikionyesha 45716 badala ya tarehe, hakuna kilichoharibika. Hiyo ndiyo 28 Februari 2025 jinsi Excel inavyoihifadhi. Fungueni `Format Cells`, mchague `Date`.

Ikionyesha `#VALUE!`, mara nyingi tarehe ya mkopo imeandikwa kama maneno. Hatari zaidi ni kosa lisiloonekana: ukiandika 05/06/2025 ukimaanisha 5 Juni, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 6 Mei. Andikeni hivi kwenye B1, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku:

```
=DATE(2025,1,31)
```

Maagizo ya mwisho

Kabla ya kutoza faini yoyote, mweka hazina afungue ratiba na kukagua fomula ya mstari husika. Faini iliyotozwa kwa tarehe iliyohama irudishwe, na kurudishwa huko kuandikwe kwenye daftari la kikundi. Kila mkopaji apewe nakala ya ratiba yenye tarehe zote siku ya kupokea mkopo, si baadaye.

Mkopaji, usipokee mkopo bila ratiba. Mweka hazina, usitoe ratiba ambayo haijaanzia tarehe ya mkopo.