Kuipunguza Uzito Ramani ya Viwanja vya Kiwanjani

Ramani ya viwanja vya Kiwanjani, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Isiolo, iliponifikia ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wachoraji wa mipango ya mji, na kila mmoja wao, pasi na kukusudia, alikuwa ameacha mzigo wake ndani yake. Faili ilikuwa na uzito wa megabaiti 46, ilhali yaliyoonekana kiooni ni mipaka ya viwanja, njia na mistari ya mwinuko tu; na kunakili kiwanja kimoja kutoka upande huu hadi upande ule kuliifanya AutoCAD igande, hata mtu akadhani kompyuta imezimika. Nitaeleza jinsi nilivyoisafisha, na nitakaa zaidi juu ya amri ya `OVERKILL`, maana ndiyo inayoweza kupoteza alama ya bikoni bila ya mwenye ramani kutambua.

Kabla ya kusafisha chochote nilitaka kujua uzito umekaa wapi. Nilitengeneza nakala ya faili, nikazifungua leya zote zilizofungwa au kugandishwa, nikafuta kila kilichochorwa, kisha nikaihifadhi nakala hiyo tupu baada ya kuweka `ISAVEPERCENT` kuwa 0. Thamani hiyo kwa desturi ni 50, nayo huiruhusu programu ihifadhi mabadiliko tu na kuacha nafasi iliyopotea ndani ya faili. Kwa hiyo mtu aweza kufuta nusu ya ramani na asione uzito ukipungua. Nakala ile isiyokuwa na hata mstari mmoja ilibaki na megabaiti 31. Basi ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya uzito ilikuwa ya batini, katika majedwali ya faili yasiyoonekana, na kwamba lau ningalianza kwa kufuta mistari iliyorudiwa, ningalitaabika kwa faida ndogo.

Nikairudia faili yenyewe, nikiwa nimekwisha kuweka nakala ya akiba mahali pa salama, na nikaanza kwa `AUDIT`, nikijibu `Y` ilipouliza kama irekebishe makosa. Sababu ya kuitanguliza ni kwamba kitu kilichoharibika ndani ya faili aghalabu huendelea kushikilia vitu vingine, na kinachoshikiliwa hakipurgiki. Mwishoni amri hiyo hutaja jumla ya makosa iliyoyaona na iliyoyatengeneza. Idadi hizo mbili zisipolingana, huirudia, na zikiendelea kutofautiana huifungua faili kwa `RECOVER`. Ifahamike pia kwamba `AUDIT` haiingii ndani ya ramani za nje zilizoambatishwa. Kila moja hufunguliwa na kukaguliwa peke yake.

Ndipo ikafuata `PURGE`. Wengi hubonyeza kitufe cha kufuta vyote katika dirisha lake wakaridhika, walakini neno `All` katika amri inayoandikwa haligusi aina mbili za mzigo zilizokuwa zikiilemea ramani yangu. Ya kwanza ni majina ya programu yaliyosajiliwa ndani ya faili, yanayorithishwa kutoka ramani moja hadi nyingine kila watu wanaponakili na kubandika, nayo huondolewa hivi:

```
-PURGE
R
*
N
```

Ya pili ni mabaki ya mitindo ya mistari iliyotoka katika faili za DGN za MicroStation, kwa kuwa mchoro wa barabara ulipitia huko kabla ya kubandikwa kwetu. Mabaki haya ndiyo yaliyokuwa yakichelewesha kunakili, kwani huongezeka yenyewe kila kipande kinapobandikwa. Katika matoleo ya miaka hii huondolewa kwa `-PURGE` na herufi `O`. Baada ya hayo nikatumia `All`, nikairudia hata isipate cha kufuta, kwa sababu bloku iliyo ndani ya bloku haiachiliwi mpaka ile inayoibeba iondoke kwanza. Faili ikashuka hadi megabaiti 16, na kunakili kukawa kwepesi. Lakini kukuza na kusogeza ramani bado kulisitasita, na hilo sasa lilikuwa la mistari yenyewe.

Kwa `ZOOM Extents` ramani nzima ilijikunja ikawa nukta mbili zilizotengana mno. Isiolo iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo katika Arc 1960, UTM kanda ya 37 kaskazini, Kiwanjani huangukia kaskazini takriban 38,000. Lakini wapo wapimaji wanaotumia kanda ya 37 kusini hata kaskazini ya ikweta, na humo mahali pale pale husomeka takriban 10,038,000. Mistari ya mwinuko ilikuwa imebandikwa mara mbili, kwa hesabu zote mbili. `OVERKILL` haiwezi kuutambua urudufu wa namna hiyo, maana yenyewe hulinganisha vitu vilivyolaliana. Kwa kuwa kanda hizo mbili zinatofautiana kwa mita 10,000,000 kamili, niliihamisha seti ya mbali kwa `MOVE`, kutoka `0,0` hadi `0,-10000000`, nayo ikalala juu ya mwenzake.

Sasa `OVERKILL` yenyewe. Kipimo chake cha uvumilivu huja kikiwa 0.000001, na katika ramani ya mita hiyo ni sehemu ya elfu ya milimita, udogo ambao mistari iliyopita katika programu mbili huukosa. Nikaweka 0.001, yaani milimita moja, wala sikuthubutu kuzidisha. Kwani mpaka wa upimaji wa zamani na ule wa upimaji mpya huweza kuachana kwa nusu mita, na tofauti hiyo ni ushahidi wa kutazamwa na mpima ardhi. Kisanduku cha kupuuza leya nilikiacha wazi: ukingo wa hifadhi ya barabara na mpaka wa mbele wa viwanja hulaliana, na kukipiga alama kungaliufuta mmoja wao kana kwamba ni nakala.

Hatari kubwa zaidi imo katika `Combine co-linear objects when aligned end to end`. Kando ya barabara iliyonyooka, viwanja kumi huwa na mipaka ya mbele kumi inayofuatana juu ya mstari mmoja, na kila inapokutana pana bikoni. Chaguo hilo huiunganisha yote ikawa mstari mmoja mrefu, na ncha zilizokuwa juu ya bikoni zikatoweka. Kwa hiyo nililitumia kwa mistari ya mwinuko na ya njia pekee, niliyoichagua kwa leya kwa `QSELECT`. Kwa mipaka nililiondoa, nikaondoa na `Optimize segments within polylines`. Maana viwanja viwili jirani, kila kimoja kikiwa polilaini iliyofungwa, lazima vishiriki ubavu mmoja, na urudufu huo ni halali.

Faili ikaishia megabaiti 11, baada ya `PURGE` na `AUDIT` za mwisho. Kisha nikaufanya ukaguzi ambao uzito wa faili hauwezi kuusema: idadi ya polilaini zilizofungwa katika leya ya mipaka ililingana na idadi ya viwanja, eneo la viwanja kadhaa vya kando ya barabara lilikuwa lile lile lililoandikwa katika nakala ya akiba, na kila bikoni niliyoikaribia kwa `Endpoint` ilishikwa na ncha ya mstari. Hapo ndipo nilipoirudisha ramani kwa mpima ardhi, pamoja na ile nakala ya akiba isiyoguswa.