Makasi ya Bakteria Yaliyotuletea Insulini

Msomaji, hata bakteria huugua. Adui wao ni faji, yaani virusi anayeingiza DNA yake mwilini mwao ili azaliane humo. Baadhi ya E. koli, bakteria wa matumboni, hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho EcoRI. Kila kinapokuta herufi GAATTC kwenye DNA, hukikata. DNA ya faji hubaki vipande.

Lakini herufi hizo zimo pia katika DNA ya bakteria mwenyewe. Mbona hajikati? Kimeng'enya cha pili huibandika A ya pili alama ya kemikali, na penye alama EcoRI hakikati. Kinga hii ina dosari: mara chache faji hutiwa alama kabla ya kukatwa, na hapo wazao wake hupita bila kuzuiwa.

Faida yetu i katika mkato wenyewe. Hauendi sawasawa, bali huacha mkia wa AATT, unaoshikana na mkia mwingine kama huo, hata wa kiumbe tofauti. Mwaka 1978, huko Kalifonia, EcoRI na kimeng'enya kingine vilitumiwa kupachika jeni za insulini ya binadamu ndani ya E. koli. Marekani iliidhinisha insulini hiyo mwaka 1982. Kabla yake, wagonjwa wa kisukari walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe.