Kadi ya Mzee ni Amana Mkononi mwa Jamaa

Mzee ampapo mwanawe kadi ya kupokelea pensheni, hakumpa mali. Amempa uwakili tu. Mkono wa wakili ni mkono wa amana: hushika kwa ajili ya mwenyewe, wala hafanyi illa lile alilopewa idhini. Mwenyewe aweza kuuondoa uwakili huo wakati wowote, wala hatakiwi kutoa sababu. Basi baba akiitaka kadi yake, na mwana akakataa kuirudisha hali aweza, tangu saa ile mkono wake si wa amana tena. Umekuwa mkono wa ghasibu, na kila shilingi iliyomo ni dhamana juu yake.

Katika Kenya, mpango uitwao Inua Jamii ulifunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Huenda ikalipwa miezi miwili pamoja, yaani 4,000, na mara nyingine malipo hukawia yakaja ya miezi mingi kwa mara moja. Mzee asiyeweza kwenda mwenyewe huandikisha mtu wa kumpokelea. Na huko kukawia ndiko kunakoficha hila: huingia 8,000, mzee akaambiwa zimekuja 4,000, naye hana la kumjulisha kweli.

Tuseme mzee mmoja asiyeona vema, kadi yake i kwa mwanawe. Katika miezi sita zimeingia 12,000. Mwana amemnunulia unga, sukari, mafuta na dawa, jumla 5,400. Zilizobaki, 6,600, amelipia deni lake dukani. Aulizwapo husema, “Mimi ndiye nimlishaye.” Jawabu ni kwamba zile 5,400 zimetumika mahali pake, kwani ni mali ya mzee iliyomrudia mzee. Walakini 6,600 ni deni juu ya mwana. Mwana mzima awezaye kuchuma hana nafaka kwa babaye. Bali baba akiwa fakiri, nafaka yake ni juu ya mwana.

Huenda mwana akasema, “Baba alinipa kwa radhi yake.” Mzee mwenye akili timamu aweza kutoa hiba, na hiba yake ni sahihi. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba kilichochukuliwa kwa haya ni kama kilichonyang’anywa. Mzee anayekhofu kwamba akikataa hatapikiwa, huyo hakutoa kwa radhi.

Alama za dhuluma hii hazijifichi kwa mwenye kuangalia. Mzee hajui ni kiasi gani kimeingia wala siku gani. Fedha zote hutolewa siku ile ile ziingiapo, na dawa zake zimekwisha hazikununuliwa. Kadi imewekwa rahani kwa muuza duka, na rahani ya mali ya mtu pasi na idhini yake ni batili. Aulizwapo mzee mbele ya mshika kadi hutazama uso wake kwanza. Alama moja peke yake si ushahidi. Zikikutana mbili tatu, yapasa kuuliza.

Aulizwe akiwa peke yake, kwa upole, na kabla ya kumkabili mshika kadi itafutwe nyumba itakayompikia mzee. Kwani mara nyingi dhalimu wake ndiye mtumishi wake, na akikasirika mzee hulala na njaa. Kisha apelekwe benki mwenyewe, abadilishe namba ya siri, na aombe taarifa ya hesabu, maana karatasi hiyo huonyesha kila kilichoingia na kilichotoka. Akitaka mpokeaji mwingine, aende afisi ya ustawi wa jamii akambadilishe. Wakili mpya aandikiwe uwakili mbele ya mashahidi wawili, awe na daftari ya mapokezi na matumizi, na jamaa mwingine aisome kila malipo. Daftari hiyo humlinda wakili mwaminifu pia asisingiziwe. Mshika kadi akikataa kuitoa, habari ifike kwa chifu na polisi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kuishi bila ya kudhulumiwa.

Limebaki jambo wengi wasilolijua. Mzee akiondokewa na akili, uwakili alioutoa hubatilika, kwa kuwa wakili husimama mahali pa mwenye akili yake. Wala mwana si walii wa mali ya mzazi wake kwa kuwa mwana tu. Baba na babu wa mzee wakiwa wamekufa, walii wake ni hakimu. Katika Kenya mambo hayo hupelekwa Mahakama Kuu, kwani mahakama ya kadhi imewekewa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kwa hiyo uwakili na daftari vitengenezwe mzee angali na akili, ajuaye ni nani amwaminiye.