Kusoma Chati Mtiririko ya Kupanga Namba

Tazama picha ya daftari. Chati hii inapanga namba A, B na C kutoka ndogo hadi kubwa. Tuzipe 7, 5, 3. Umbo la almasi la kwanza linauliza: A > B? Ndiyo, hivyo fuata mshale hadi kwenye mstatili wa kubadilishana:

```
T = A
A = B
B = T
```

T huhifadhi 7; bila T, A na B zote zingekuwa 5. Sasa tuna 5, 7, 3. Almasi ya pili, B > C?, inatupa 5, 3, 7 kwa njia hiyohiyo. Almasi ya tatu inauliza tena A > B? Usiifute ukidhani imerudiwa kimakosa: 3 bado iko katikati. Zikibadilishana, unapata 3, 5, 7. Mshale wa "Hapana" huruka mstatili tu.