Gari dogo kati ya malori mawili: momenta kwenye foleni ya Tunduma

Mwanachuo yeyote anayepanda basi kwenda Tunduma anaijua ile foleni. Ukishapita Vwawa na kukaribia mzani wa Mpemba, malori yanaanza kusimama mkia kwa mkia, mengine yanapeleka mafuta na bidhaa Zambia na Kongo, mengine yanasubiri karatasi za mpakani. Katikati ya malori hayo wamejipenyeza wengine: pikapu, Noah, bajaji, boda. Lori linasogea mita kumi, linasimama, linasogea tena. Mwendo ni wa baiskeli, ndiyo maana watu hawaogopi.

Mimi ni mtoto wa Tunduma, nasoma fizikia, na kwenye makala hii nataka tulipigie hesabu jambo moja tu: lori likilivaa gari dogo kwa mwendo huo wa baiskeli, na mbele ya gari dogo kuna lori lingine, kinatokea nini? Hesabu yenyewe ni ya kidato cha tano. Lakini watu wengi wakiifanya wanapata namba sahihi na jibu lisilo sahihi.

Tuanze na vitu vyetu. Lori la nyuma lina tungamo la tani 50, yaani kilo 50,000. Hilo ni lori la kawaida kabisa njia hii, kwa sababu sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli za kutosha. Pikapu ina tani 2 pamoja na watu na mizigo. Lori la mbele nalo lina tani 50. Pikapu na lori la mbele vimesimama. Lori la nyuma, dereva amesinzia kidogo, linakuja kwa kilomita 18 kwa saa. Ukigawa kwa 3.6 unapata mita 5 kwa sekunde.

Mgongano wa kwanza ni lori la nyuma na pikapu. Momenta ni tungamo mara mwendokasi, na kabla ya kugongana ni lori peke yake lenye momenta:

50,000 × 5 = 250,000 kg m/s

Tuchukulie kwamba vikishagongana vinakwenda pamoja, jambo linalokaribia ukweli pale bodi inapobonyea bila kuruka nyuma. Momenta haipotei, kwa hiyo:

250,000 = 52,000 × v, v = 4.8 m/s

Lori limepunguza mwendo kwa mita 0.2 tu kwa sekunde. Dereva wake pengine atadhani amepita kwenye shimo. Pikapu imetoka sifuri hadi 4.8. Msukumo iliopata ni badiliko la momenta yake, 2,000 × 4.8, yaani 9,600 N s. Kama mgongano umechukua sehemu ya kumi ya sekunde, kani ya wastani ni kama nyutoni 96,000. Shingo itauma, taa za nyuma zitavunjika, lakini waliomo ndani kwa kawaida watashuka na kuanza kugombana na dereva.

Hapa msomaji makini atauliza: je, dereva wa pikapu kama alikuwa amekanyaga breki? Msuguano wa barabara si ni kani ya nje? Na sheria inasema momenta haipotei pale tu ambapo hakuna kani ya nje. Swali ni zuri, na dawa yake ni kulipima, si kulipuuza. Chukua msuguano wa juu wa matairi ya pikapu, kama 0.6 ya uzito wake: 0.6 × 2,000 × 9.8, karibu nyutoni 11,800. Zidisha kwa muda wa mgongano, sekunde 0.1, unapata 1,180 N s. Linganisha na 250,000. Haifiki hata nusu ya asilimia moja, kwa hiyo tuna haki ya kuiacha. Kipimo hiki kikumbuke, tutakirudia.

Sasa mgongano wa pili. Lori na pikapu, tani 52 kwa pamoja, vinakwenda 4.8 na kulifikia lori la mbele lililosimama, tuseme kwanza bila hendibreki.

250,000 = 102,000 × v, v = 2.45 m/s

Kwenye kundi letu la kujisomea jamaa mmoja aliiangalia namba hii akasema, "Basi mgongano wa pili ni mwepesi. Wa kwanza pikapu ilibadilisha mwendo kwa 4.8, wa pili kwa 2.35 tu. Nusu yake." Hesabu yake haina kasoro. Lakini muulize fundi bodi yeyote, atakwambia gari lililobanwa katikati ndilo linalokatwa kwa msumeno kutoa watu. Nani kakosea?

Kilichosahaulika ni kwamba badiliko la momenta linatupa jumla ya misukumo, halitupi kila msukumo peke yake. Tuitenganishe. Lori la mbele lilikuwa limesimama na sasa lina mwendo wa 2.45. Msukumo uliolisogeza ni 50,000 × 2.45, yaani 122,500 N s. Na uliipata wapi? Kwa pikapu tu, maana ndiyo iliyoligusa. Kwa hiyo lori la mbele nalo limeisukuma pikapu kurudi nyuma kwa 122,500. Upande wa pili, lori la nyuma limepungua kutoka 4.81 hadi 2.45, kwa hiyo limeisukuma pikapu kwenda mbele kwa karibu 117,800. Toa moja kwa nyingine: zinabaki 4,700 N s, na hizo ndizo zilizopunguza mwendo wa pikapu.

Umeona? Jumla ni ndogo kwa sababu misukumo miwili mikubwa inapingana. Ibane nyanya kati ya viganja viwili: haiendi kushoto wala kulia, mwendo wake ni sifuri, lakini imepasuka. Kwenye mgongano wa kwanza pikapu ilipokea msukumo wa 9,600. Kwenye wa pili msukumo uliopita ndani ya bodi yake kwenda lori la mbele ni karibu mara 13 ya huo. Ukichukua nusu sekunde ya kubonyea, kani ya wastani ni nyutoni 245,000, sawa na kuiwekea pikapu mzigo wa tani 25.

Nishati mwendo nayo inasema hivyohivyo, na hapa ndipo ninapoipenda hii hesabu. Momenta haikupotea, lakini nishati mwendo imepotea, nayo imekwenda kukunja chuma. Kabla ya mgongano wa pili ilikuwa kama juli 601,000. Baada yake ni 306,000. Zimepotea juli 295,000. Chesisi za malori hazikunjiki kirahisi, kwa hiyo sehemu kubwa inaishia kwenye kitu laini kuliko vyote pale, yaani pikapu. Sasa jiulize: pikapu hiyo ya tani 2 ingekwenda mwendo gani na kugonga ukuta peke yake ili ipoteze juli 295,000? Nusu ya 2,000 mara v mraba ni 295,000, v ni mita 17.2 kwa sekunde. Kilomita 62 kwa saa. Lori lilikuwa linatambaa kwa 18.

Bado kuna hendibreki. Kwenye foleni madereva wengi wa malori huifunga wakisimama. Rudia kipimo chetu: lori la mbele likifunga magurudumu yote, msuguano wa juu ni 0.6 × 50,000 × 9.8, karibu nyutoni 294,000. Kwa nusu sekunde ni 147,000 N s. Hiyo si nusu ya asilimia, ni zaidi ya nusu ya momenta yote. Kwa hiyo hapa kanuni ya kutopotea kwa momenta haifai kutumiwa kwa malori mawili na pikapu peke yao, kwa sababu barabara yenyewe imeingia kwenye mgongano. Mtu anayeandika 2.45 bila kuuliza habari za breki ametumia kanuni nje ya mipaka yake. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni mipaka miwili: lori la mbele likiwa huru, zinapotea juli 295,000, likisimama kama ukuta bila kusogea hata kidogo, zinapotea zote 601,000, na ule mgongano wa ukutani unakuwa wa kilomita 88 kwa saa. Ukweli uko katikati, na kadiri breki za mbele zinavyoshika ndivyo hali ya pikapu inavyozidi kuwa mbaya.

Ukitaka kuliona hili maabara, huhitaji lori. Panga toroli tatu kwenye ubao, ya nyuma na ya mbele zimebebeshwa matofali, ya katikati tupu, na mbele yake ubandike kiboksi cha kiberiti kitupu. Inamisha ubao kidogo mpaka toroli iliyosukumwa iache nukta za nafasi sawa kwenye utepe wa kipima muda. Hapo msuguano umefidiwa. Sukuma ya nyuma, kisha pima kiboksi kimebonyea kiasi gani. Rudia kwa mwendo uleule, na toroli ya mbele ishikwe kwa mkono. Kiboksi kitakwambia tofauti, na nukta za utepe zitaonyesha kwamba mara ya pili momenta ya toroli haikubaki ileile.

Je, hesabu hii inamsaidiaje aliye ndani ya pikapu? Inamwambia kwamba hatari yake kubwa iko mbele, si nyuma, na dawa ni kuzuia mgongano wa pili. Baada ya ule wa kwanza, dereva wa lori anashtuka na kukanyaga breki. Lori lenye mzigo na breki nzima likipunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde kila sekunde, linasimama baada ya 4.8 × 4.8 ÷ 6, karibu mita 4. Umbali huo ni mrefu kuliko ule ambao wengi wetu tunaacha tukiwa kwenye foleni. Ukiacha mita tano au sita, na usukani umeukata kidogo kuelekea pembeni, mgongano wa pili unaweza usitokee kabisa. Kama breki za lori zimefeli, nafasi hiyo inakupa sekunde moja tu na kidogo, lakini angalau umetupwa pembeni badala ya kuingizwa chini ya trela.

Zoezi: rudia yote kwa lori linalokuja kwa mita 3 kwa sekunde, lori la mbele likiwa huru. Utaona zinapotea kama juli 106,000, sawa na pikapu kugonga ukuta kwa kilomita 37 kwa saa. Kisha badili pikapu uweke bajaji yenye kilo 600 pamoja na abiria. Nishati inayopotea itabadilika kidogo sana. Tafuta kwa nini, halafu tafuta mwendo wa ukutani wa hiyo bajaji.