Dondoo muhimu: Hesabu ayoni kwanza
Tuseme umeyeyusha gramu 58.5 za chumvi ya mezani, yaani moli 1, katika kilo 1 ya maji (kilo ya maji yenyewe, si lita ya mmumunyo). Kila NaCl hutoa ayoni mbili, kwa hiyo kigezo cha van't Hoff, i, ni 2. Zidisha 2 × 1.86 × 1: mmumunyo utaanza kuganda kwenye −3.72 °C. Kwa kuchemka weka 0.512 badala ya 1.86, upate 101.02 °C. Ukisahau i utapata nusu tu ya badiliko.

Ukipima, utaona takriban −3.4 °C. Kipimajoto si kibovu: ayoni za chaji kinyume huvutana, hivyo i halisi hushuka hadi 1.8 hivi. Kadiri unavyozimua mmumunyo, ndivyo i inavyoikaribia 2.